Maswali ya Kwenye Benchi

Bwana Semina hakuwahi kumuuliza mwanamke swali la haramu ndani ya chumba cha usaili. Alikuwa na mtu wa kumuulizia.

Jina hilo alipewa na wafanyakazi wa kiwanda cha maji ya chupa, maana hakuna semina iliyowahi kumpita, na kila aliporudi kutoka semina alirudi na mkoba mpya na karatasi za kubandika ukutani. Yeye ndiye aliyekuwa afisa utumishi. Karatasi aliyoipenda kuliko zote aliitia kwenye fremu ya kioo, akaitundika chumba cha usaili, mahali ambapo hata mgeni aliyepotea njia angeiona. Juu iliandikwa kwa herufi nyekundu: USIULIZE. Chini yake yakafuata: Umeolewa? Una mimba? Unatarajia kuzaa lini? Mumeo anasemaje kuhusu kazi hii? Nani atabaki na watoto? Upande wa pili, kwa kijani: WAWEZA KUULIZA. Kazi ina zamu za usiku na safari za kwenda visimani, utaweza? Na aulizwe kila mwombaji, mwanamume na mwanamke, kwa maneno yale yale. Karatasi ilikuwa sahihi. Mwanasheria angeisoma asiongeze hata nukta.

Aliyekuwa akifuta kile kioo kila Jumatatu ni Shangazi, mpika chai. Kiwanda kizima kilimwita Shangazi, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, na hakuna aliyewahi kumwita Mama Fulani kwa sababu huyo Fulani hakuzaliwa. Miaka kumi na tisa nyuma, alipoomba kazi, mkubwa wa wakati ule alimuuliza waziwazi kama ana mpango wa kuzaa, akamwambia asubiri miaka mitatu. Akasubiri. Miaka mitatu ilipokwisha, mimba haikuja, na mume akaenda kuitafuta kwingine. Hakuona kwamba alidhulumiwa. Aliona kwamba ndivyo kazi inavyopatikana, na wasichana wa siku hizi wanataka kudekezwa.

Ndiyo maana Bwana Semina alipomwita jikoni, miaka miwili iliyopita, hakuhitaji kumbembeleza.

"Shangazi," alisema, "wale wanaosubiri usaili huwa na wasiwasi. Wape chai, piga nao soga. Ujue wanaishije. Nyumba, mume, watoto. Mimi siruhusiwi kuuliza, si unaona karatasi?"

"Nikishajua?"

"Unaniletea chai yangu. Kama mtu ana mambo ya uzazi mbele yake, kijiko kikae ndani ya kikombe. Kama hana, kikae kwenye sahani."

Basi ikawa hivyo. Shangazi alikuwa na kipaji. Alikaa kwenye benchi la korido, sinia mapajani, akaanza na viatu vya mtu, akapita kwenye jua la nje, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshafika chumbani kwa watu. Anayesitasita alimpigapiga paja kidogo: "Mficha uchi hazai, mwanangu, sema tu." Wakasema. Nani atamwogopa mpika chai? Kisha mlango ukafunguliwa, mwombaji akaingia, na Shangazi akamfuata nyuma na kikombe cha Bwana Semina. Wasaili wengine wawili, mkuu wa maabara na meneja wa uzalishaji, waliona ni chai tu.

Siku ya usaili wa mpima maji wa maabara walikuja watu wanane, wanawake watano na wanaume watatu. Wa tano kuingia alikuwa dada mmoja mwembamba, kiatu chake cha kushoto kimeshonwa upya kwa uzi usiofanana. Alikuwa amepima maji miaka sita kwenye mamlaka ya maji ya mji mwingine. Shangazi alimpa kikombe, naye akakirudisha taratibu.

"Samahani, Shangazi. Harufu ya maziwa inanishinda."

Shangazi akatabasamu. Kwa tabasamu lile, jiwe lingefunguka moyo.

"Miezi mingapi?"

Yule dada akashika mdomo, kisha akacheka. "Mitatu. Usimwambie mtu, jamani. Hata mama mkwe hajui. Mimba mbili zilishatoka, kwa hiyo mimi na mume wangu tumekubaliana tunyamaze kwanza."

"Pole, mwanangu. Hii itakaa," alisema Shangazi, na alimaanisha. Alimwombea palepale kimoyomoyo. Kisha akanyanyuka, akamimina chai ya Bwana Semina, akakoroga, akakiacha kijiko ndani ya kikombe.

Mtu anaweza kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Nawajua wengi.

Jioni ile, akikusanya vikombe, Shangazi alimdokezea Bwana Semina hadi ile ya maziwa. Wiki mbili baadaye kazi alipewa kijana wa kiume aliyekuwa na uzoefu wa mwaka mmoja na nusu. Shangazi hakushtuka. Alichoshtukia ni siku Bwana Semina alipomvuta kwenye stoo ya vitambaa na sabuni, akafunga mlango, akatoa karatasi.

"Yule mgonjwa wa maziwa ametushtaki."

Ilikuwa fomu ya malalamiko kutoka ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Shangazi alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Yule dada, ambaye tumwite Mpimaji, alipoona hakuchaguliwa alipiga simu kuuliza sababu, mumewe kando yake, simu ikiwa kwenye spika. Bwana Semina alimjibu kwa adabu zote: alifanya vizuri, ushindani ulikuwa mkubwa, asikate tamaa. Na alipotaka kuaga, kwa kuwa ni mtu aliyefundwa adabu na mamaye, akaongeza: "Basi, nakutakia kujifungua salama."

Mpimaji hakugombana. Alikata simu, akachukua daftari, akaandika siku hiyo hiyo: tarehe, saa, maneno aliyoyasikia, maneno aliyoulizwa kwenye benchi na nani aliyemuuliza. Akaambatanisha tangazo la kazi, vyeti vyake na ujumbe wa kukataliwa. Kisha akaenda kufungua shauri siku ya ishirini na tatu, na sheria ilimpa siku sitini. Kuna watu huenda siku ya sitini na moja wakaambiwa poleni.

"Lakini yeye si mfanyakazi wetu," alisema Shangazi. "Anashtakije kazi asiyokuwa nayo?"

"Sheria inamlinda hata anayeomba. Hilo nililifundishwa." Bwana Semina akajifuta jasho. "Sasa sikiliza. Kwenye ile karatasi ya semina hakuna kosa langu hata moja. Aliyeuliza ni wewe. Ukisema nilikutuma, mimi sina kazi na wewe huna. Ukisema zilikuwa soga zako tu, yanaishia hapo. Nani atamfukuza mzee kwa soga?"

Shangazi alikuwa amebakiza miezi saba astaafu. Alishamwambia fundi aanze kupima sakafu ya chumba chake kipya. Akasema, "Sawa."

Usuluhishi ulifanyika kwanza, kama ilivyo kawaida, faragha, pande mbili na msuluhishi mmoja. Ulivunjika mchana mmoja tu. Mpimaji alitaka kazi au fidia na barua ya kuomba radhi; kiwanda kilimpa katoni kumi za maji na kalenda. Shauri likapelekwa kwa mwamuzi, ambaye yeye si wa kupatanisha. Yeye husikiliza mashahidi kwa kiapo na kukata shauri.

Chumba cha mwamuzi kilikuwa na meza tatu, feni moja iliyopiga kelele, na mwamuzi mwanamke aliyevaa miwani kwa kamba shingoni. Mpimaji alikuwa amefikisha miezi minane. Alikaa upande upande, mkono kiunoni, mumewe nyuma yake. Hakuwa na wakili. Alikuwa na daftari.

Bwana Semina alitoa ushahidi kwanza. Alieleza semina zake kwa mpangilio wa miaka. Akaonyesha picha ya ile fremu.

"Nzuri sana," alisema mwamuzi. "Sasa nieleze hizi karatasi za alama. Zina safu inayoitwa 'utulivu kazini'. Mlimuuliza mwombaji swali gani ili mpate alama hiyo?"

"Ni… hisia za kitaalamu, Mheshimiwa."

"Wanaume watatu, wote nane kwa kumi. Wanawake wanne, wote mbili kwa kumi. Mwanamke mmoja nane. Huyo aliwazidi wenzake nini kwenye hisia?"

Shangazi, aliyekaa karibu na mlango, alimkumbuka mwanamke huyo. Alikuwa amemwambia kwenye benchi kwamba ameshafunga kizazi. Kijiko chake kilikaa kwenye sahani.

"Sikumbuki, Mheshimiwa."

"Na ujauzito wa mlalamikaji ulijuaje?"

"Fununu za ofisini."

Wasaili wale wawili waliitwa. Kila mmoja alisema hakuuliza, hakusikia, na safu ya utulivu kila mmoja alinakili alama ya afisa utumishi kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu. Mkuu wa maabara aliona haya kweli. Alisema kwamba kwenye maswali ya maji, Mpimaji aliwaacha wote mbali.

Kisha akaitwa Shangazi.

Mwamuzi alimtazama kwa upole. "Mama, kabla hujaapa nikwambie jambo. Sheria inamlinda shahidi. Mwajiri wako haruhusiwi kukuadhibu kwa kusema kweli hapa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Alielewa, ila hakuamini. Akaapa.

Mpimaji mwenyewe ndiye aliyemuuliza. Alisimama kwa shida, akakataa kusaidiwa.

"Shangazi, uliniuliza nina miezi mingapi?"

"Nilikuuliza, mwanangu."

"Wengine pia uliwauliza?"

"Niliwauliza."

"Nani alikutuma?"

Shangazi alimwona Bwana Semina anavyokunja na kukunjua kona ya mkoba wake. Aliiona sakafu yake mpya. Aliuona pia uso wa yule dada, uliovimba kidogo kwa mimba, unaomtazama bila hasira, kama mtu anayesubiri kuongezewa sukari. Jibu la kweli lilifika hadi mlango wa meno.

Akageukia ukuta.

"Hakuna aliyenituma. Ni mdomo wangu tu. Nimezoea kuuliza watu mambo yao, kisha nikayasimulia ofisini. Nilifanya kwa hiari yangu."

"Una hakika, mama?" aliuliza mwamuzi.

"Nina hakika."

"Iandikwe," alisema mwamuzi, na mwandishi akaandika, neno kwa neno.

Mpimaji alikaa. Mumewe alimpa maji, akayanywa yote. Shangazi alirudi kwenye kiti chake, na Bwana Semina akamkonyeza kidogo sana, jicho moja.

Uamuzi ulitoka baada ya mwezi, na mwamuzi hakuhitaji kijiko wala Shangazi. Alisema swali la mimba, ndoa au uzazi linalomhusu mwombaji halina nafasi katika kuajiri, liulizwe mezani, kwenye simu au kwenye benchi la chai. Alisema mlalamikaji alionyesha ya kutosha kuleta shaka: mimba iliyojulikana, alama zisizo na swali, mwanamume mwenye sifa pungufu. Baada ya hapo mzigo ulikuwa wa kiwanda kuthibitisha kwamba hakikubagua, na hisia za kitaalamu si uthibitisho. Kuhusu mpika chai, alisema awe alitumwa au hakutumwa, aliuliza akiwa kazini, habari zikafika kwa aliyeweka alama, zikatumika. Kiwanda kinawajibika. Kikaamriwa kulipa fidia. Kazi yenyewe hakumpa, kwa kuwa ilishashikwa na mtu ambaye hakuwa na kosa.

Kwa hiyo Mpimaji alishinda na hakupata kazi. Ushindi wa namna hiyo ni mwingi kuliko watu wanavyodhani.

Jumatatu iliyofuata Shangazi alikuwa akifuta kioo cha fremu alipopewa barua. Aliisoma akiwa amesimama, kitambaa begani. Aliitwa kwenye kikao cha nidhamu siku tano baadaye. Kosa: kuwauliza waombaji kazi maswali yaliyokatazwa na sheria na sera ya kampuni, kwa hiari yake mwenyewe, na kuiletea kampuni hasara. Ushahidi: kiapo chake. Walimwambia anayo haki ya kuja na mtu wa kumsemea. Hakuwa na mtu.

Aliyesoma mashtaka ni Bwana Semina. Alisoma vizuri, bila kukwama.

"Wewe," alisema Shangazi. "Si ulisema hakuna anayemfukuza mtu kwa soga?"

"Shangazi, tafadhali. Kila kinachosemwa hapa kinaandikwa."

"Ulinituma! Kijiko kwenye kikombe, kijiko kwenye sahani. Ulinituma wewe!"

Mkurugenzi aliinua kichwa. Bwana Semina akageuza kurasa taratibu, akapata alipopataka. "'Hakuna aliyenituma. Nilifanya kwa hiari yangu.' Mwamuzi alikuuliza mara ya pili kama una hakika, ukajibu una hakika. Sasa tukuamini lini, ulipoapa au sasa hivi?"

Walimsikiliza kikamilifu. Walimpa maji, wakampa nafasi ya kujitetea, wakamwandikia kila alichosema, wakamweleza haki yake ya kukata rufaa ndani ya kampuni. Mkurugenzi alisikiliza rufaa kwa robo saa. Asante ya punda ni mateke, na haya yalipigwa kwa kufuata utaratibu. Alitoka getini na birika lake la zamani kwenye mfuko wa plastiki, miezi miwili kabla ya kustaafu. Mlinzi alimpekua, akaomba radhi, akampekua tena.

Akaenda ofisi ile ile ya usuluhishi. Foleni, benchi, dirisha. Ofisa wa dirishani, kijana mwenye sauti ya chini, alimpa fomu, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akaenda nyuma, akarudi na faili, akakaa nalo muda.

"Mama, sitakudanganya. Fomu utajaza, haki yako. Bado uko ndani ya siku thelathini za anayefukuzwa. Lakini tuangalie tunachokwenda kusema. Utaratibu waliufuata. Sababu yao ni kiapo chako. Ukishikilia kwamba hukutumwa, walikufukuza kwa kosa ulilolikiri. Ukisema ulitumwa, unakiri kwamba ulidanganya mbele ya mwamuzi, na hilo lenyewe ni kosa, unaweza kushtakiwa."

"Lakini nilitumwa kweli."

"Naweza kukuamini. Mwamuzi atauliza ushahidi. Kuna barua? Ujumbe wa simu?"

"Kulikuwa na kijiko."

Ofisa hakucheka, na hilo lilimuumiza zaidi kuliko kama angecheka. "Kuna shahidi yeyote? Mtu aliyekuwepo mkiongea jikoni?"

"Tulikuwa wawili."

"Mtu mwingine anayejua chochote?"

Shangazi alifikiri. Wasaili wale hawakujua. Wapakiaji wa chupa hawakujua. Wanawake wote wa miaka miwili waliopita kwenye benchi lake walikuwa wamekunywa chai wakaenda zao, na hakuuliza hata mmoja jina la mtaa wake. Mmoja tu namba yake ilikuwa kwenye faili lile. Ofisa hakuruhusiwa kumpa namba. Alipiga mwenyewe, akaeleza nani anamtaka, akauliza kama anakubali kuongea. Akasikiliza, kisha akampitishia simu dirishani.

Upande wa pili kulikuwa na mtoto mchanga analia, kile kilio kifupi cha mwenye wiki chache.

"Ilikaa," alisema Shangazi, machozi yakamtoka hapo hapo, mbele ya foleni nzima. "Alhamdulillahi, mwanangu, ilikaa."

"Ilikaa," alisema Mpimaji. "Nimesikia wamekufukuza. Unataka nini?"

"Uje unisemee. Nitasema kweli sasa, yote. Nilitumwa. Naapa nilitumwa. Wewe ndiye peke yako uliyekuwepo pale kwenye benchi."

Mtoto alinyamaza. Pengine alikuwa amepewa titi. Mpimaji alipozungumza tena hakupandisha sauti. Alizungumza kama mtu anayesoma vipimo.

"Sina kinyongo cha kukunyima. Nitakuja, nitaapa, nitasema ninachokijua. Lakini ninachokijua ni kimoja, Shangazi. Kwamba uliniuliza. Na hicho ndicho walichokufukuzia."

Alisubiri kidogo, kwa adabu, kuona kama kuna jingine. Hakukuwa na jingine. Shangazi alirudisha simu dirishani, na ofisa akamwomba asogee pembeni kidogo ili anayefuata apite.